Ukuta wa Kasha

Eulalie aliitambua michoro ile kabla Jean-Baptiste hajamaliza kuikunjua mezani. Ilikuwa yake. Alikuwa ameichora nyumbani, jioni baada ya kazi, kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Salwa, mwenye shule ya chekechea. Jina lililoandikwa chini lilikuwa la fundi aliyejenga ukuta, si lake.

"Banki inataka tukague huu ukuta mbele ya kumupa Salwa credit," alisema Jean-Baptiste, mkuu wa ofisi yao ya ukaguzi wa majengo. "Iko kule mtaa wa Kasha, nyuma ya école maternelle. Eulalie, utaenda leo."

Kanuni za ofisi Eulalie alizijua, maana alizitilia sahihi siku alipoajiriwa. Kazi ya pembeni iombewe ruhusa kwa maandishi. Na mkaguzi asikague kamwe jengo ambalo yeye au ndugu yake ana mkono ndani yake. Hakuwahi kuomba ruhusa, kwa kuwa alijua atakataliwa. Alikusudia kusema hapo hapo, lakini kilichomtoka kinywani kikawa, "Sawa, directeur."

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Pikipiki iliteleza mara mbili kwenye matope mekundu, na Eulalie hata hakushtuka. Alikuwa na hofu nyingine.

Salwa alimpokea mlangoni mwa shule, amejifunga kitenge juu ya buibui, anacheka.

"Karibu, maman ingénieur! Nilikuwa naogopa batanitumia mutu nisiyemujua." Akamsogelea, akapunguza sauti. "Kazi yako mwenyewe, hauwezi kuiharibia jina. Andika tu iko bien."

Ukuta ulisimama nyuma ya darasa, ukizuia kilima kizima. Chini yake watoto walikuwa wakiimba nambari kwa Kifaransa. Eulalie hakuwahi kufika pale. Alichora kwa kutazama picha za simu tu, akiwa amechoka, akakisia udongo.

Katikati ya ukuta kulikuwa na ufa.

Ni plasta tu, alijiambia. Plasta mbichi hupasuka. Akapiga hatua pembeni, akafumba jicho moja, akatazama ukuta kwa urefu wake. Tumbo la ukuta lilikuwa limetokeza kidogo kuelekea darasani. Pengine fundi hakunyoosha vizuri. Na yale matundu ya kutolea maji? Yalikuwa machache. Lakini yapo, alijiambia, yapo.

Halafu akajishtukia. Kila alichokiona alikuwa amekitafutia sababu. Ukuta huu ungekuwa wa mtu mwingine, angekuwa ameshapiga kelele. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli, hofu kubwa kuliko ile ya kufukuzwa kazi. Macho yake mwenyewe yalikuwa yanamdanganya, na watoto wako chini.

"Maman Salwa, toa batoto."

"Nini?"

"Batoe sasa hivi! Bapeleke kule kwa barabara!"

Mwalimu alipotokeza kichwa, Eulalie alikuwa tayari anapiga simu.

"Directeur, tuma mutu mwingine. Huu ukuta ni mimi niliuchora."

Jean-Baptiste akauliza taratibu, "Na asubuhi ulinyamaza?"

"Niliogopa."

"Batoto bako wapi?"

"Banatoka."

"Usiguse kitu, usiandike kitu. Raphaël anakuja."

Raphaël, mwenzake wa ofisini, alifika akiwa amelowa. Hakumsalimia. Alichimba kando ya msingi, akaukuta hauendi chini vya kutosha, na udongo nyuma ya ukuta umejaa maji kama sifongo. Akapiga marufuku mtu yeyote kukaribia. Kabla ya wiki kuisha ukuta ulibomolewa kuanzia juu, tabaka kwa tabaka. Salwa alimpigia Eulalie simu akilia na kumtukana. Eulalie alimsikiliza mpaka mwisho.

Ofisini walimpa demande d'explication, barua ya kumtaka ajieleze. Aliijibu bila kujitetea. Alisimamishwa kazi, mise à pied ya wiki mbili bila mshahara, na onyo la mwisho.

"Ungesema asubuhi, ningebadilisha mukaguzi tu," Jean-Baptiste alimwambia. "Ruhusa ya kuchora singekupa, lakini haya yote hayangekufika." Kisha akauliza, "Ulichora kuta zingine?"

Eulalie alikuwa ameliogopa swali hilo tangu Kasha. Angeweza kusema hapana.

"Tatu," alisema.

Akazitaja, na siku hiyo hiyo Raphaël akampakia kwenye gari ili amwonyeshe njia. Kwenye ukuta wa kwanza, wa nyumba moja ya mteremkoni, hakuruhusiwa kuvuka geti. Alisimama nje, chini ya mwavuli, akisikiliza nyundo ndogo ya Raphaël ikigonga mawe ndani. Inagonga, inanyamaza. Mama wa nyumba ile alitoka, mtoto mgongoni, akamuuliza kuna nini.

Raphaël alirudi akifuta matope mikononi.

"Huu unasimama," alisema. "Panda. Tuende kwa wa pili."

Akapanda, akamwonyesha njia.