Chumba Kilichoandikwa kwa Kiingereza

Miaka tisa nimekaa kwenye kaunta ya duka hili la kuchapa na kutoa nakala, nikitafsiri vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi na malalamiko ya wapangaji. Mtaani wananiita Sekretari. Kiingereza changu kinasifiwa, na sina haya kusema kinastahili kusifiwa. Kwa hiyo mwenye duka alipoweka kwenye kompyuta ile programu inayochora picha kutokana na maneno, programu ambayo Kiswahili inakibabaisha lakini Kiingereza inakielewa vizuri, hakuna aliyeuliza nani ataishika. Nilijiona nimepewa kazi ya kuchezea.

Mzee Breki alikuja Alhamisi asubuhi. Huyu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, sasa amestaafu, na jina hilo alipewa kwa mwendo wake. Wanasema utingo wake alikuwa akishuka kununua sigara na kulifikia lori kwa miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia hapa mnachora vitu ambavyo havipo tena."

"Tunachora, ila lazima utueleze."

"Hapo ndipo penye kazi," akasema, akavuta kiti.

Alikuwa na binti mmoja tu, aliyelelewa na shangazi yake mji mwingine. Binti huyo angefika kesho yake, akae siku mbili, kisha asafiri nje ya nchi kwa mkataba wa kazi wa miaka minne. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi kumi na moja. Chumba walichopanga wazazi wake kilishabomolewa, hakuna picha ya chumba hicho hata moja, na tangu binti alipojua kuongea swali lake kwa baba lilikuwa hilohilo: kwa mama palikuwaje?

"Kila nikianza kumweleza, maneno yananikauka," alisema. "Mara hii asiondoke mikono mitupu. Ila sura ya mama yake msiibuni, nakuomba. Picha ya pasipoti anayo. Nataka chumba tu. Chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo."

Nilimwambia asiwe na shaka. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kukimbia. Niliandika Kiingereza kitamu ambacho mwalimu wangu wa sekondari angekisoma mbele ya darasa: nyumba ndogo ya unyenyekevu, "humble"; upweke, "lonely"; huzuni tamu ya mambo yaliyopita; mwanamke anayesubiriwa kwa mapenzi. Nikabonyeza.

Ikatoka nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, jua la machweo jekundu kama limemwagwa kwa ndoo, na dirishani bibi kizee analia.

Mzee Breki alisogeza miwani. "Huyu bibi ni nani?"

"Mashine imekosea kidogo."

"Mke wangu alikuwa na miaka ishirini na sita. Na nyumba ilikuwa ya matofali, na bati."

Nikaongeza mwishoni: hakuna mwanamke, hakuna watu. Wakaja wanawake wawili, na kwa nyuma mtoto. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema kwa mwendo huu mpaka jioni tutakuwa na ukoo mzima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mwenye duka alinionya siku ya kwanza: programu yetu hii haina sehemu ya kuandika usivyovitaka, na ukikitaja kitu, hata kwa kukikataa, umeshakiita. Nikafuta watu wote. Kwa kuwa mzee alisema kilikuwa chumba chenye joto la mapenzi, nikaandika chumba chenye joto. Likaja jiko la kuota moto, limejengwa ukutani, lina magogo yanayowaka, na zulia.

"Sasa hapa," mzee akasema kwa upole, "tumehama nchi."

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia. Miaka tisa nimelipwa kugeuza maneno kuwa maneno. Barua ikisema mtu ana huzuni, naandika ana huzuni, anayesoma ataelewa. Lakini mashine haijawahi kumsubiri mtu. Ukiipa neno huzuni, inakuletea kile kilichomo kwenye picha nyingi duniani zilizobandikwa neno hilo, yaani machozi na machweo. Nilikuwa nimeandika moyo wa mzee badala ya chumba chake. Nikafuta kila kitu mpaka ukurasa ukabaki mweupe.

"Baba," nikamwambia, na sijui kwa nini niliacha kumwita mzee, "tuanze upya. Usiniambie ulijisikiaje. Umesimama mlangoni. Unaona nini kwanza?"

Akafumba macho. "Meza."

"Ya nini? Iko wapi?"

"Ya mbao, ndogo, imesukumwa ukutani upande wa kushoto, chini ya dirisha. Ina kitambaa cha plastiki cha maua ya njano. Pembe moja kimeungua, aliweka sufuria."

Niliandika hivyohivyo, kitu kimoja kimoja, Kiingereza kikavu kisicho na pambo. Kuta? Rangi ya mafuta ya kijani hafifu mpaka usawa wa kiuno, juu yake nyeupe. Sakafu? Saruji nyekundu, imefifia njia ya kutoka mlangoni kwenda mezani. Juu? Bati, bila dari. Saa ngapi? Saa tisa alasiri, jua linaingia dirishani na kufika katikati ya meza. Neno machweo sikuligusa. Kikombe chake cha bati nilikitafsiri neno kwa neno na programu ikaleta kopo, kama la maharage. Ikabidi nieleze: kikombe cheupe cha enameli, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi karibu na mkono. Kikaja chenyewe, na mzee akakigusa kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Na huko kutoka kidogo," nikamuuliza, "ungejuaje kwamba katoka kidogo, si kwamba kahama?"

Akafumba macho tena. Kiti kimevutwa nyuma, kimekaa mshazari. Kitambaa chake cha kichwa kiko kwenye egemeo la kiti. Shati la mtoto limekunjwa nusu tu, mkono mmoja unaning'inia mezani. Nilipoyaandika hayo niliona hapo hapakuwa na neno hata moja la huzuni.

"Na kile kikombe kina nini, na kimejaa au nusu?"

"Chai ya maziwa, imejaa. Hajainywa."

"Ya moto au imepoa?"

Nilimwona akifungua macho.

"Ya moto," alisema. "Alikuwa akilisikia lori langu kule kwenye kona, anamimina."

Nikaandika mvuke unapanda. Nikabonyeza, tukasubiri, na chumba kikatokea. Sikuwahi kuingia humo, lakini ningeweza kukuonyesha pa kuweka viatu. Mvuke mwembamba ulipanda juu ya kikombe na jua likaupita. Nilijisifu kimoyomoyo, nikageuka kupokea shukrani.

Mzee Breki alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni penyewe," alisema. "Lakini ulivyoniuliza ile chai nimekudanganya. Siku kiti kilipokaa hivyo, chai ilikuwa ya baridi."

Akanieleza polepole, kwa mwendo wake uleule. Siku hiyo aliambiwa barabarani, kwenye kituo cha mafuta, kwamba mkewe amezidiwa. Alifika saa tisa. Majirani walikuwa wamempeleka hospitali tangu asubuhi, mtoto yuko kwa jirani. Alisimama mlangoni akaviona vile vitu kama nilivyoviandika. Alipofika hospitali, mkewe alikuwa ameshafariki.

"Binti yangu nilimwambia nilikuwepo. Nilimwambia nilimshika mama yake mkono mpaka mwisho. Alikuwa na miaka sita alipouliza, ningemwambia nini? Na uwongo ukishakaa miaka ishirini unakuwa na kiti chake nyumbani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa anakwenda mbali, na mimi ni mzee. Nikimpa hiyo yenye mvuke, nimemdanganya mara ya pili, na safari hii kwa picha nzuri. Iandike ilivyokuwa."

"Una uhakika, baba?"

"Andika kabla sijabadili mawazo."

Nilifuta mvuke. Sikuandika kwamba hakuna mvuke. Nilimuuliza chai ya maziwa iliyokaa tangu asubuhi inakuwaje, ingawa kila mtu anajua, na akasema inafunga utando juu, wenye mikunjo pale unapogusa ukingo. Nikaandika utando, mikunjo na ukingo. Picha ilipotoka, vitu vingine vilisogea kidogo, kiti kikakaa karibu zaidi na ukuta, lakini alikubali. Nilimchapia kwenye karatasi nzito. Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia lililojaa, na nikamwangalia mpaka akapita kona. Siku ile sikuweza kutafsiri kitu kingine.

Jumamosi karibu na saa sita aliingia msichana mrefu mwenye begi la mgongoni. Alikuwa na bahasha. Kabla hajaitoa nilishajua ni nani.

"Habari, dada. Wewe ndiye uliyeandika hiki chumba?"

"Baba yako ndiye aliyekisema. Mimi nimeandika tu."

"Amenieleza yote jana." Macho yake yalikuwa yamevimba. "Maisha yangu yote nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba baba alimshika mkono. Shuleni niliandika insha. Nimemkasirikia, siongei naye, nimekula chakula chake nimempa mgongo." Akaitoa picha, akaiweka kaunta. "Baba anasema kabla ya picha kuna maneno. Naomba hayo maneno."

Nilimwambia yapo, ila ni ya Kiingereza.

"Huko ninakokwenda Kiingereza nitakisikia mpaka nichoke. Nipe kwa Kiswahili, ya kusoma nikipakumbuka."

Basi nikayarudisha. Yeye alisimama nyuma yangu na mimi nikachapa: meza ndogo ya mbao chini ya dirisha, kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, pembe imeungua. Kiti kimevutwa nyuma. Shati la mtoto limekunjwa nusu.

"Hilo ni langu," alisema.

"Ni lako."

Nilipofika kwenye chai niliandika kwamba imepoa na imefunga utando, na sikugeuka kumtazama. Nilihofia nikimtazama nitalia mimi kwanza, na mimi ni mtu wa kaunta. Ulibaki mstari wa mwisho, ule wa kuiambia mashine chumba kitazamwe kutoka wapi. Nikachapa: inavyoonekana kutoka mlangoni, kwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama.

"Mtu gani?" akauliza.

"Ni maelekezo ya picha tu. Lazima mashine iambiwe jicho likae wapi."

"Najua, dada. Nauliza mtu gani."

"Baba yako."

Aliichukua picha kutoka kaunta, akainyoosha mbele yake, akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa duka. Akaitazama chai ile kwa muda mrefu kutoka pale.

"Kwa hiyo yumo," akasema. "Humu ndani yumo."

Nikafuta neno mtu, nikaandika baba.