Makala ya Pili ya Jilore

Siku ambayo Kadzo alipaswa kusema, aliinamia kikombe chake cha chai, na tangu hapo kila alichosema kilikuja kimechelewa.

Ilikuwa Kilifi, katika kituo kidogo cha utafiti upande wa Mnarani. Walikuwa wamemaliza kazi kubwa ya kuwapa watoto wachanga wa Jilore unga wa madini ya chuma, wa kuchanganywa kwenye uji, ili kuona kama utaondoa upungufu wa damu. Nusu ya watoto walipata unga wenye chuma, nusu walipata unga usio nacho, na hakuna mama aliyejua wake yuko kundi gani. Kadzo ndiye aliyekuwa mtakwimu wa kazi hiyo. Namba zote zilipita mikononi mwake, na yeye ndiye wa kwanza kuona zinasema mambo mawili kwa pamoja. Watoto waliokula chuma damu yao iliongezeka, tena iliongezeka vizuri. Na watoto haohao waliharisha zaidi, wengine kwa damu, na waliolazwa hospitalini kwa kuharisha walikaribia kuwa mara mbili ya wenzao.

Sasa hebu niambie, hapo kuna habari ngapi? Kadzo aliona moja. Dawa ni moja, watoto ni walewale, na anachotaka kujua mama ni kimoja tu: nimpe mwanangu au nisimpe? Huwezi kumjibu kwa kumpa faida leo na madhara mwakani, kila kimoja kwenye jarida lake.

Lakini Dakta Mahdi, mkuu wa utafiti na msimamizi wa masomo ya Kadzo, aliinuka na kuandika ubaoni vichwa vitano. Damu. Kuharisha. Uzito. Gharama. Maoni ya kina mama. Makala tano. Mahdi alikuwa mtu wa Malindi mjini, mstaarabu, hasemi na mtu mpaka amuulize habari za nyumbani, na wala usidhani alikuwa mwizi wa kuvizia dirishani. Alikuwa anangoja uprofesa tu. Huko vyuoni mtu hupimwa kwa wingi wa makala, na wafadhili nao hupima hivyohivyo. Ofisini mtindo huo waliuita kukata slesi. Mkate ni mmoja, lakini ukitandazwa slesi slesi mezani, mgeni ataona umemwandalia karamu.

Kadzo alikuwa na mgawanyo wake kichwani, na ulikuwa mzuri. Gharama ziende peke yake, maana lile ni swali jingine na hesabu zake ni nyingine. Maoni ya kina mama nayo yaende peke yake, kwa kuwa hayo ni mahojiano, si vipimo. Kila makala iseme wazi imetoka utafiti gani, iweke nambari ya usajili wa utafiti ileile, na iwataje ndugu zake. Ila damu, uzito na kuharisha visitenganishwe, kwa vile hayo ndiyo yaliyowapata watoto kwa sababu ya unga.

"Daktari, faida na madhara tungeyaweka pamoja," alisema. Mara moja tu, tena kwa sauti ya kuomba radhi.

"Mwanangu," Mahdi akamjibu kwa upole, "chuo chako kinataka makala tatu ndio kikupe shahada yako. Nikiziunganisha, wewe utapata ngapi?"

Basi Kadzo akainamia chai.

Makala ya kwanza, ile ya damu, ilipokelewa na jarida kubwa kwa mikono miwili. Unga wa chuma unaongeza damu, mambo safi. Kuhusu kuharisha, kimya. Hata mstari mmoja wa kusema kwamba kulipimwa jambo hilo haukuwamo.

Ya pili, ya kuharisha, aliiandika Kadzo mwenyewe, na hapo ndipo slesi zilipoanza kumrudia. Wapitiaji wa jarida la pili waliuliza swali ambalo hata muuza maembe angeuliza: mnatuambia unga huu unadhuru, mbona hamtuambii kama unasaidia? Msomaji atapimaje? Mahdi akasema hilo halina shida, lirudishwe humo jedwali la damu.

"Na tuitaje ile ya kwanza?" Kadzo akauliza.

"Ukiitaja watasema tumeshachapisha. Iache."

Basi likarudishwa jedwali lilelile, watoto walewale, damu ileile. Tena kwa kuwa safari hii waliwaondoa watoto waliohama katikati ya kazi, idadi ilipungua kidogo, na kwa mtu asiyejua ilionekana kama utafiti mwingine kabisa. Jarida lilitaka tamko kwamba hakuna sehemu iliyochapishwa kwingine. Mahdi akalitoa bila kupepesa macho. Kadzo alijua tamko hilo ni la uongo, na jina lake likatangulia juu ya makala.

Mwaka ukapita. Siku moja akapigiwa simu na mwanamke asiyemjua.

"Naitwa Whitney Gachanja, dada. Niko Nairobi. Nakusanya tafiti zote za unga wa chuma niziweke kwenye hesabu moja. Kuna kamati inaandika mwongozo kwa zahanati, inangoja jibu langu. Nina makala mbili za Jilore mbele yangu. Miezi ileile. Uzito wa mwanzo wa watoto unalingana mpaka kwenye nukta. Moja ina nambari ya usajili, nyingine haina. Idadi hazilingani, na hakuna inayomtaja mwenzake. Sikuulizi kwa ubaya. Ni watoto walewale?"

Kadzo angeweza kusema hajui, na Whitney angeendelea na kazi yake. Lakini alijua maana yake. Zikihesabiwa kama tafiti mbili, nafuu ya unga ingeingia mara mbili kwenye hesabu, watoto wa Jilore wakageuka watoto wa vijiji viwili, na mwongozo wa nchi nzima ukaegemea juu yao.

"Ni walewale," alisema.

"Ahsante," Whitney akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Basi nitauhesabu utafiti mmoja. Damu nitaichukua kwenye ya kwanza, kuharisha kwenye ya pili. Zote mbili zina kazi."

Jioni ile Kadzo alikula akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli, akaona amalize. Akawaandikia wahariri wa majarida yote mawili kwamba makala ni za utafiti mmoja, kwamba zimerudiana, na akawaomba kila moja iongezwe tangazo la kumwelekeza msomaji kwa mwenzake, ili atakayesoma faida ayakute na madhara. Kabla hajatuma alimweleza Mahdi. Heshima ni heshima.

Mahdi hakufoka. Heri angefoka.

"Utawapa kisu ukidhani watamenya viazi," alisema. "Makala ikirudiwa, ya nyuma ndiyo hufutwa. Ya kwanza hukaa, maana yenyewe haikusema uongo. Nayo ya nyuma ni ipi?"

"Watasoma yaliyomo, Daktari."

"Watasoma tarehe."

Alituma hata hivyo. Alimwona mzee anamtisha ili ajilindie uprofesa wake, na kweli alikuwa anajilindia, ila alikuwa pia anasema sawasawa. Mhariri wa jarida la pili aliwaandikia waandishi wajieleze. Mahdi akajibu haraka, kwa lugha nzuri, kwamba lilikuwa kosa la mwanafunzi wake aliyeandaa makala na ambaye hakuzielewa kanuni. Kadzo naye alijieleza. Ikaamuliwa kwamba matokeo ya damu yamerudiwa kwa sehemu kubwa, bila kutajwa, na chini ya tamko la uongo, kwa hiyo makala inafutwa. Juu ya kila ukurasa wakaipiga neno jekundu. Jarida la kwanza liliweka tangazo dogo kwamba takwimu zake zilichapishwa tena kwingine, na kwamba matokeo yake yenyewe hayana dosari. Kadzo alimwandikia mhariri wa jarida hilo tena, akamsihi angalau ataje kuharisha. Akajibiwa kwa adabu kwamba masahihisho ni ya makosa, na kosa halikuonekana; kama waandishi wana matokeo mapya, wote kwa pamoja walete makala mpya. Wote kwa pamoja. Ruhusa ya kutumia takwimu ilikuwa kwa Mahdi, na Mahdi alisema jina la kituo limeshachafuliwa vya kutosha, jambo hilo lifungwe.

Whitney alipiga simu baada ya kikao cha kamati. Safari hii sauti yake haikuwa na nafuu yoyote.

"Nimebishana nao, dada. Niliwaambia imefutwa kwa kurudiwa, si kwa namba za uongo, watoto waliugua kweli. Wakaniambia kanuni yao haitumii makala iliyofutwa. Nikawaomba basi watumie barua yako. Wakasema barua haijapitiwa na mtu."

"Kwa hiyo mwongozo unasemaje?"

"Unasema kwa ukanda wa pwani unga umeonyesha faida." Whitney akaendelea kusoma. "Na kwamba hakuna madhara yaliyoripotiwa."

Kadzo aliuma kidole mpaka kikauma kweli. Alikuwa amekosea kwa kunyamaza, kisha akasahihisha kwa kusema, na kusema kwake ndiko kulikoyafuta madhara. Pale mwanzo angalau yalikuwa mahali, hata kama ni pembeni, hata kama yaliingia kwa mlango wa uani. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekeze nani, maana kila mmoja alikuwa amefuata kanuni isipokuwa yeye na Mahdi, na Mahdi alikuwa ameshapandishwa cheo.

Unga ulifika Jilore kabla ya mvua. Nyevu, mke wa kaka yake Kadzo, alimpigia akiwa kwenye foleni ya zahanati, mtoto mgongoni, kina mama wakisikika wakizungumza nyuma yake.

"Wifi, wewe ndiye msomi wetu. Tunapewa huu unga wa damu, nesi asema ni mzuri, umeandikwa vitabuni. Nimpe huyu?"

"Usimpe," Kadzo alisema. "Uliza kama kuna dawa nyingine ya damu, lakini huo usimpe. Unawaharisha watoto. Tuliuona, Nyevu, hapohapo kwenu."

"Haya." Nyevu hakuuliza zaidi, alikuwa anamwamini. Kisha akashusha sauti. "Na hawa wenzangu, je? Ngoja nimpe nesi simu, umwambie mwenyewe."

Nesi akaja kwenye simu, mtu mpole, mwenye haraka zake. Kadzo akamweleza yote. Nesi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Naam, dada, nimekusikia," alisema. "Sasa hayo yameandikwa wapi, niyasome?"

"Yaliandikwa, yakafutwa," Kadzo alisema. Nesi akamshukuru kwa kumweleza, akamrudishia Nyevu simu yake na kuita mtoto anayefuata.