Mlango wa Jiwe

Kasmir alifariki mwezi Machi akiwa amefika sura ya 186. Riwaya aliyokuwa akiitafsiri kwa Kiswahili ilikuwa ya Kichina, ikitolewa mtandaoni sura moja kila siku. Wenye tovuti walimpa mdogo wake, Coleta, aiendeleze, kwa sharti moja: majina yakianza kuyumba, atapewa mtu mwingine. Coleta hakutaka kazi ya kaka yake imalizwe na mgeni.

Alirithi pia faharasa yake, jedwali la maneno mia nne: neno la Kichina, Kiswahili chake, sura lilipoanzia, aliyeamua. Kundi la wapiganaji aliokuwa nao shujaa, Shimen, Kasmir aliliita Mlango wa Jiwe. Coleta alikuwa amesoma Wuhan miaka minne. Kasmir alijifunza mwenyewe, kwa kamusi. Ni kweli herufi *men* ni mlango, lakini watu hawawi mlango. Akaandika Chama cha Jiwe, na kwenye safu ya aliyeamua akaweka jina lake.

Baada ya sura ishirini na nne, Oswaldi, mhariri wao mwenye duka la vifaa vya ofisi Majengo, alipiga simu.

"Mwalimu, wasomaji wanauliza vita inaanza lini."

"Vita gani?"

"Ya Mlango wa Jiwe na Chama cha Jiwe. Kuna mmoja Mbeya ameshachagua upande. Na wenye tovuti wameniandikia. Wanataka jibu kesho saa sita."

Sura ya 211 ilikuwa mbele yake. Yatima anapiga magoti kizingitini na mzee anamwambia: aliyeingia *men* ni mtu wa *men*. Kwa "chama" sentensi ilikufa. Aliisoma kwa sauti, pale jikoni kwao Chanji, mama yake, Albina, akipepeta ulezi.

"Aliyeingia mlangoni ni mtu wa mlango."

"Ndivyo," alisema Albina, bila kuinua macho. "Sisi hapa ni mlango wa babu yako Fransisko. Wale wa Milepa ni mlango mwingine, ila ukoo mmoja. Kasmir aliniuliza hilo mwaka jana, akaandika."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Coleta aliiamuru kompyuta ibadilishe "chama" kuwa "mlango" katika sura zake zote. Ikatii: "mlango chetu kilichoanzishwa na mababu", "mlango hicho". Ngeli haikufuata. Ilibidi azisome sura ishirini na nne neno kwa neno, akirudisha *wetu*, *ulioanzishwa*, *huo*. Alimaliza kesho yake saa tano na nusu.

Juu ya sura ya 211 aliweka tangazo: "Jina lililobadilika tangu sura ya 187 limerudishwa. Kosa ni la mtafsiri wa sasa, si la marehemu." Saa saba wenye tovuti walijibu kwa neno moja: endelea.

Alifungua faharasa, akaenda kwenye mstari wa Shimen. Kwenye safu ya aliyeamua alifuta jina lake, akaandika la Kasmir.