Kituo Baada ya Amaleki

Sinagogi letu hapa Ramat Gan, Israeli, lina desturi moja mbaya: msomaji wa Torati akikosea, watu wanamrukia wote kwa pamoja, hadi watoto. Ndiyo maana nilipewa kazi ya kusimama kando yake na kitabu kilichochapwa, nimsahihishe mimi peke yangu na wengine wanyamaze. Hawanyamazi. Hata hivyo kazi ilikuwa nyepesi, kwa sababu msomaji wetu alikuwa Yehezkel, tunayemwita Baba Nuri, na Baba Nuri alikuwa hakosei.

Gombo lenyewe lina herufi tupu. Alama ziko kwenye kitabu changu: vistari na vinukta juu na chini ya maneno, vinavyomwambia msomaji aimbeje, neno gani lishikane na lipi, na wapi atue. Anazikariri nyumbani, Jumamosi anakuja nazo kichwani. Baba Nuri alizijua zote, ila alikuwa na maringo. Vile vituo vidogo alivipita bila kuvisalimu. Alivuta pumzi moja mwanzoni mwa aya na kuiachia kwenye kituo kikubwa cha katikati, kile tunachokiita atnah, na watu wakatikisa vichwa kwa raha. Nami nilitikisa, sikatai.

Mwaka huu baridi ikamshika kifua. Alipotoka hospitali, akipanda ngazi za sinagogi alikuwa anasimama katikati na kujifanya anasoma tangazo.

"Tangazo gani hilo la kila siku?" nikamuuliza.

"Sasson, wewe soma yako."

Naji, mwenyekiti wetu, mtu mwema asiyejua kunong'ona, akasema mbele ya kila mtu kwamba labda tumpumzishe mzee, tumwite kijana fulani wa mtaa wa pili. Baba Nuri akasikia. Akapiga meza.

"Naapa," akasema, "siku Sasson atakaponirudisha nyuma hata neno moja, naiacha meza hii na sisomi tena."

Kwetu mtu akiahidi hata kuleta sukari anaongeza "bila nadhiri," maana kiapo ni kiapo, hakichezewi. Baba Nuri hakuongeza.

Alhamisi nikaenda kwake tujaribu fungu la wiki ile, linaloishia na vita vya Amaleki. Mkewe, Mama Nuri, akatuwekea sambusa za dengu, akakaa palepale kusikiliza.

"Hapa pana vituo," nikamwambia mume wake. "Soma hivi: 'Musa akamwambia Yoshua, tuchagulie watu,' tua, pumua. 'Utoke, upigane na Amaleki,' hapo ndipo atnah, tua sana, hata ukitaka kunywa chai. 'Kesho,' kituo kidogo. 'Nitasimama juu ya kilima, na fimbo ya Mungu mkononi mwangu.' Aliyeweka alama amekuwekea viti njia nzima. Kaa."

"Viti ni vya wanaojifunza."

"Huyu hata akiongea hapumui," Mama Nuri akasema. "Tangu tuoane nasubiri atue nami niseme neno." Aliponisindikiza mlangoni sauti yake ilibadilika. "Akikosea, mrudishe. Usimwonee huruma. Akijua ulimhurumia itamuua haraka kuliko kifua."

Jumamosi sinagogi lilijaa. Gombo likasimamishwa mezani ndani ya kasha lake la fedha, Baba Nuri akashika kijiti cha kufuatia mistari. Alisoma vizuri, aya baada ya aya, ila mimi niliyekuwa karibu nilisikia kifua kikilia chini ya wimbo. Nikaanza kuomba moyoni tufike mwisho salama.

Tukafika kwa Amaleki. Akavuta pumzi, akaanza. "Tuchagulie watu," hakutua. "Utoke, upigane na Amaleki," na hapo nilimwona kabisa akifikiri. Akitua, watu wote watamsikia anavyohema. Basi akaamua kuwaonyesha kwamba pumzi bado anayo. Akaruka atnah, akaunganisha: "upigane na Amaleki kesho."

Pumzi ikamwishia palepale. Akasimama, ameishika meza.

Kwa jinsi alivyosoma, Yoshua angekwenda zake kulala na vita vingengoja. Sivyo. Yoshua anatumwa sasa hivi. Kesho ni ya Musa, kusimama kilimani. Ni kweli kwamba wenye hekima wa zamani walibishana hilo neno liende upande gani, na nakiri kisingizio hicho kilinijia kikiwa kimevaa vizuri. Lakini alama ziko kitabuni, nasi tunasoma kwa alama, na kosa linalogeuza maana halipitishwi. Nikatazama juu, kwenye roshani ya wanawake. Mama Nuri alikuwa ananitazama mimi, si mumewe.

Cha ajabu, siku ile hakuna aliyeropoka. Wote walikumbuka kiapo. Waliniachia mimi, wale waoga.

"Amaleki," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Tua kwenye Amaleki."

Hakunitazama. Akarudisha kijiti mwanzo wa aya. Sasa hakuwa na cha kuficha, kwa hiyo akapumua. "Tuchagulie watu," akatua, akahema, wote tukamsikia. "Utoke, upigane na Amaleki." Akatua sana. Katika ule ukimya nilihisi watu wameshatumwa, wanafunga viatu. "Kesho," akalisema neno hilo peke yake, taratibu, na kituo kidogo. Kisha kilima, kisha fimbo mkononi. Nimeisikia aya hiyo maisha yangu yote, lakini siku ile niliisikia ikisema kitu.

Alimaliza fungu lote hivyo, kiti hadi kiti. Kisha akaweka kijiti mkononi mwangu, akaenda kukaa safu ya nyuma karibu na makoti. Sikula vizuri mchana ule. Kuku wa Sabato alikuwa mzuri, nikamwacha.

Jumapili asubuhi, baada ya sala, Naji akanishika mkono, akamshika na Shaul muuza mboga, akatukalisha kwenye benchi. "Tuko watatu," akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Watatu wanatosha kumfungua mtu kiapo. Baba Nuri, njoo usimame hapa."

"Wewe ndiye uliyetaka nipumzike," Baba Nuri akasema.

"Nilitaka. Miaka yote nilifurahia sauti yako na sikuelewa hata nusu. Jana nilielewa. Simama, Shaul ana nyanya zinamngoja."

Akasimama mbele yetu, mikono nyuma, mdogo ghafla.

"Unajuta kuapa?" nikamuuliza. "Tangu mwanzo, kana kwamba hukusema?"

"Nilijuta kabla sijatoa mkono mezani," akasema, na macho yake yalikuwa na maji. "Najuta, na hata wewe Sasson nilikukasirikia jana mchana kutwa na nikajuta na hilo pia na Mama Nuri akaniambia kama ungeninyamazia asingekupikia tena maisha yako na mimi nikamwambia..." Pumzi ikakata.

"Umefunguliwa," tukasema sote watatu. "Umefunguliwa. Umefunguliwa."

Mlangoni akatokea Mama Nuri na sahani ya sambusa iliyofunikwa kitambaa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mumewe alikuwa bado anahema, mdomo wazi, akitafuta neno.

"Usiharakishe, tua hapohapo," akamwambia. "Nina mambo ya tangu harusi."