Udongo kwa Kavata

Hoteli ilipofungua tena milango baada ya fujo za Likoni zilizowakimbiza watalii, chumba chake cha urembo, kilichokuwa na wanawake watano, kilibakiwa na nafasi moja ya kazi. Moja tu, kana kwamba wale watano walikuwa wamejiendea zao kwa hiari.

Hasina aliihesabu nafasi ile kuwa yake. Minazi ya babu yake na kaburi la mama wa babu yake vilikuwa pale ambapo sasa wageni huogelea kwenye bwawa la hoteli hiyo, na hakuna aliyemwomba radhi hata siku moja. Lakini katika saluni ya Rispah, Ukunda, alikofanyia kazi, alikuwapo Kavata pia, mtoto wa Wakamba waliogaiwa mashamba Shimba Hills. Wateja wakiingia, neno la kwanza ni, "Kavata yupo?" Na Hasina amesimama papo hapo, taulo begani.

"Mama Ndulu wa hotelini atakuja baada ya wiki mbili aangalie nyuso, achague mmoja wenu," Rispah aliwaambia. "Wateja wa kujaribia hawapo, basi kila mmoja atashika uso wa mwenzake. Na anayelala kitini hana mdomo. Mteja hamfundishi fundi."

Mezani aliwawekea mkebe wa udongo mweupe, pakiti za maski za karatasi za kubandika usoni alizoziacha mgeni wa Kijapani, na kopo la maski ya usiku, krimu nzito ya kulala nayo na kuinawa asubuhi.

Hasina alijua kazi. Alijua kuwa ngozi ya Kavata ni kavu, akinawa tu mashavu yanambana. Kwamba karatasi na krimu ya usiku ndizo zake, mara mbili tatu kwa wiki, na udongo, ukimgusa, basi mara moja katika wiki mbili zote. Alijua vilevile kuwa paji lake yeye mwenyewe, adhuhuri, lingekaanga dagaa. Alijua, akachukua mkebe wa udongo.

Kwani tangu lini hoteli ikaajiri mkono? Aliwakumbuka wasichana wote waliochukuliwa: nyuso nzuri, mbele, kwenye meza ya mapokezi, mikono hodari, nyuma, kwenye masufuria. Anakuja kuangalia nyuso, si ndivyo alivyosema Rispah? Basi uso wa Kavata usiangalike.

Akampaka leo. Akampaka kesho. Akauacha udongo ukauke mpaka upasuke kama tope la kiangazi.

"Dada Hasina," Kavata alisema siku ya tatu, midomo haichezi chini ya udongo, "wanichoma."

"Mteja hana mdomo."

"Haya."

Zamu ya Kavata ilipofika, Hasina alilala ameuma meno, akingoja kulipizwa. Hakulipizwa. Kavata alimpaka udongo Jumatatu, akauosha ungali na unyevu, akaurudia Ijumaa. Katikati alimwekea karatasi robo saa, akaitoa kabla haijakauka. Krimu ya usiku alimpaka mara moja tu kwa wiki, nyembamba, mashavuni, akaliruka paji.

"Mbona wanibania krimu?"

"Hapo juu una mafuta ya kutosha, dada. Nikikujaza, utaamka na chunusi."

Hasina alikiona hicho kuwa ujanja. Mtu hawi mpole bure.

Siku ya Mama Ndulu, mashavu ya Kavata yalibanduka magamba, mekundu pembeni mwa pua. Hasina alijitazama kiooni na moyo ukamtuna: vitundu vya ngozi vimejifunga, paji limetulia, uso wa bibi harusi.

Mama Ndulu alimshika kidevu. Akamgeuza huku na huku.

"Mashallah. Huu uso nani ameushika?"

Hapo ndipo Hasina alipoelewa. Kilichokuwa kinatafutwa ni mkono, si uso.

"Mimi," alisema Kavata.

"Na wako?"

Kavata alimtazama Hasina. Haikuhitajika jibu, walioshikana nyuso walikuwa wawili tu.

"Uanze Jumatatu," Mama Ndulu akamwambia Kavata, na gari la hoteli likaondoka na nafasi yake moja.

Rispah alitoka nje. Kavata akalala kwenye kiti, akafumba macho.

"Nishughulikie, dada. Siwezi kwenda kwa wageni na magamba haya."

"Jishughulikie mwenyewe. Si fundi wewe?"

"Fundi hajioni. Na wewe wajua, tangu siku ya kwanza ulijua."

Hasina alinawa mikono. Kisha akachana pakiti ya mwisho ya karatasi, akaitandaza juu ya uso ule, akaibana taratibu kando ya pua palipowaka zaidi. Hakumsamehe, na wivu haukupungua hata chembe. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokataa kukosea tena. Kavata alipitiwa na usingizi. Kiooni, juu yake, Hasina aliuona uso wake mwenyewe, mzuri kuliko ulivyopata kuwa, akaugeuzia kisogo.