Namba Hazisomwi Kwenye Simu

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni. Duka la dawa lililo mkabala na lango la hospitali linafungwa saa kumi na mbili kamili. Wodini mwanangu anahangaika kupumua, dawa yake ya kuvuta imekwisha na hospitalini hakuna nyingine, nami sina hata senti.

"Nimetuma, utatoa bila kadi," kaka yangu, dereva wa malori, alikuwa amenipigia kuniambia. "Ila namba za kutolea zimeenda kwa Mama. Nimebonyeza jina lake kwa mazoea. Baada ya nusu saa hazifanyi kazi." Kisha akaingia kusiko na mtandao, akapotea hewani.

Nilisimama mbele ya mashine ya benki, nikampigia Mama.

"Mama, kuna ujumbe wa benki umeingia kwako. Nisomee zile namba sita."

"Wewe nani?"

"Mama jamani! Jina langu si unaliona hapo?"

"Simu zinaibiwa. Sauti zinaigwa. Namba za benki hazisomwi kwenye simu."

Nilitamani kuipiga teke ile mashine. Maneno hayo ni yangu! Mwaka jana Mama alimsomea tapeli namba kama hizo, akiba yake yote ya ushonaji ikayeyuka. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Nikamwambia hata mimi nikipiga asinisomee, nikamtaka arudie mara tatu kama mtoto wa shule.

Nilichagua kutoa bila kadi, nikaingiza namba ya simu ya Mama. Mashine ikadai zile sita. Ikasubiri, ikauliza kama nahitaji muda zaidi. Nikabonyeza ndiyo. Nyuma yangu mtu akasonya.

"Niulize chochote, Mama. Jina la shangazi, kovu langu..."

"Mwizi akijiandaa anayajua yote hayo."

Hasira ikaniishia, nikabaki na woga mtupu. Nikaangua kilio pale pale, watu wakinitazama. "Mama, mjukuu wako anakufa."

Nikasikia akivuta miwani mezani.

"Nne," alisema taratibu. "Moja. Tisa..."

Niliingiza zote sita, nikaandika kiasi kile kile alichotuma kaka. Mashine ikanguruma, noti zikatoka. Nilivuka barabara mbio, nikamkuta muuza dawa ameshika kufuli.

Mtoto alipotulia, nilimpigia Mama kumshukuru.

"Anapumua?"

"Anapumua, Mama. Ahsante."

"Yule wa mwaka jana naye alilia hivi hivi. Alisema mjukuu wangu anakufa."

Nikakaa sakafuni kando ya kitanda. Mwaka mzima nimemwita mama yangu mjinga, na sikuwahi kumuuliza yule mtu alimwambia nini.