Kiti cha Maboksi

Elizabeti alikuwa na utaratibu wake wa kutafsiri, na hakuuacha hata kwa mtu wa karibu. Kwanza alisoma karatasi yote kimyakimya. Kisha aliisoma tena, akipiga mstari kwa penseli chini ya kila neno lililomtia shaka. Ndipo alipofungua kompyuta. Hakuna aliyemfundisha. Kiingereza alikiokota mwenyewe, kwenye kamusi isiyo na jalada na majarida ambayo mke wa mwajiri wake alikuwa anataka kufungia maandazi. Sasa watu wa Ngamiani walipokuwa na barua ya kwenda ng'ambo, waliileta kwenye steshenari ya mzee Amirali, alikofanya kazi, na kusema, "Mpe Eliza, atainyoosha."

Brightness alileta rasimu yake ya kwanza Ijumaa. Walikua pamoja kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wakaimba kwaya moja, na kwa miaka miwili kila Jumamosi walijitolea pamoja kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu. Shirika moja la Denmark lilikuwa linatafuta vijana wa kujitolea kwa miezi kumi na moja kwenye nyumba za kulea watoto wa aina hiyo huko kwao. Nafasi ya Tanga ilikuwa moja. Wote wawili waliitaka, na walikubaliana bila kinyongo: kila mtu ajaze yake, atakayeitwa aende, atakayebaki amwombee.

Elizabeti aliisoma rasimu, akacheka taratibu.

"Shoga, hii ni barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya."

"Ina nini?"

"Umeandika unatoka familia duni, uko tayari kufanya kazi yoyote, na Mungu atawazidishia. Wenzio hawatafuti wa kumsaidia. Wanataka kujua utawapelekea nini, na utarudi na nini."

"Si ndiyo heshima hiyo? Nianze kujisifu mbele ya watu nisiowajua?"

"Si kujisifu. Ukisema kazi yoyote, wao wanasikia hujui kazi. Tazama swali la tatu: eleza wakati ulipokuta tatizo ukalitatua. Hapo wanataka mambo matatu. Kulikuwa na nini, ukafanya nini, kikabadilika nini. Maneno mia tatu, basi. Na usiseme tulifanya, tulifanya. Wakisoma hivyo hawajui wewe ulikuwa wapi."

Brightness alikuna kichwa kwa kalamu. "Mimi bila mfano sielewi."

Elizabeti alifungua droo, akatoa nakala ya fomu yake mwenyewe, ya Kiswahili, aliyoiandika kwanza kabla ya kuitafsiri. "Soma uone mtindo. Unirudishie Jumatatu, siku ninayotuma ya kwangu."

Brightness aliirudisha Jumatatu kama alivyoahidi, ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, na Elizabeti akatuma maombi yake saa tano asubuhi, Amirali akiwa amesimama nyuma yake akiuliza kama mtandao umekwisha kuyameza.

Jumatano Brightness alileta rasimu mpya, pamoja na barua ya mdhamini. Aliviweka mezani haraka, akasema anakimbilia sokoni, atapita jioni.

Elizabeti alianza kusoma. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa yamenyooka, naye alifurahi, kama mwalimu anavyofurahi kwa mwanafunzi. Akafika la tatu.

*Kituoni kwetu kuna mtoto anaitwa Daniel, mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa analishwa amelala, akipaliwa kila siku. Nilikusanya maboksi matupu dukani, nikayabandika kwa gundi ya unga tabaka juu ya tabaka, nikayakandamiza kwa mawe na kuyaanika, nikamtengenezea kiti cha kumshika mgongo na shingo. Sasa anakula bila kupaliwa. Sikujua kiti ni kitu kikubwa kiasi gani mpaka siku Daniel alipomwona mama yake akiingia mlangoni. Kabla ya hapo alikuwa anaona dari tu.*

Penseli ilibaki hewani. Alirudi juu, akasoma tena, maana huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Huenda amesahau kitu. Brightness alichana maboksi, ni kweli, Jumamosi mbili. Alibeba mawe pia. Lakini lile la dari hakuna aliyelisema. Elizabeti aliliona peke yake, siku ambayo Brightness alikuwa kwenye harusi Muheza, akalihifadhi moyoni, na hakuliandika popote ila kwenye ile nakala.

Akachukua barua ya mdhamini. Ilikuwa na muhuri wa kituo na sahihi ya Mama Imakulata, msimamizi. *Brightness ndiye aliyebuni na kutengeneza viti vya maboksi kituoni kwetu.*

Mama Imakulata hakuwa na desturi ya kuandika barua za udhamini. Kila aliyehitaji aliambiwa, "Andika mwenyewe mwanangu, niletee nitie muhuri." Elizabeti naye aliandika ya kwake hivyohivyo. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake huku maneno yakisomeka kama yametoka kinywani mwa mama mtu mzima, aliona haya kujipamba. Aliandika: *Elizabeti ni mwaminifu na alishiriki katika utengenezaji wa viti.* Alishiriki. Na barua hiyo ilikuwa imekwisha kwenda Denmark tangu Jumatatu.

Aliona jinsi mtu mgeni atakavyoziweka fomu mbili mezani. Hadithi moja, watu wawili, muhuri mmoja. Na muhuri ulikuwa unasema nani mwongo.

"Mbona umekauka?" Amirali aliuliza kutoka kwenye mashine ya kunakili.

"Baba Amirali, yale maboksi uliyokuwa unanipa mwaka jana, unakumbuka?"

"Nitasahau? Mke wangu Batulbai kila nikirudi nyumbani analia unga wake wa ngano umekwenda kwenye gundi. Kwani wanayataka tena?"

Elizabeti alipiga mstari kwa penseli chini ya swali la tatu.

Jioni Brightness alipokuja, Elizabeti alikuwa ameigeuza skrini. Maswali mawili yalikuwa tayari kwa Kiingereza. La tatu lilikuwa tupu.

"Hujamaliza?"

"Nimefika kwenye kiti cha Daniel."

Brightness alikaa. Aliitazama bahasha yake, kisha mlango. "Si tulifanya wote?"

"Tulifanya wote. Lakini hujaandika tulifanya."

"Wewe mwenyewe ulinikataza! Ulisema nisiandike sisi, niandike mimi."

"Uandike wewe ulichofanya wewe. Kituoni wewe ndiye pekee unayeweza kumvalisha Mwanaidi viatu bila kumliza. Wewe ndiye uliyekaa na mama yake wiki nzima hospitali. Kwa nini hukuandika hayo?"

"Nani atapanda ndege kwa sababu ya viatu?" Sauti ya Brightness ilikuwa imepanda, kisha ikashuka. "Eliza, wewe una kazi hapa. Una Kiingereza. Mwakani utaomba tena, watakuchukua. Mimi natimiza thelathini, fomu inasema mwisho thelathini. Na barua yako mwenyewe umeandika ulishiriki. Niliiona kwa Mama Imakulata. Nikasema, kama mwenyewe haitaki sifa..."

"Uliiona."

"Ilikuwa juu ya meza."

Elizabeti alimtazama, akitafuta usoni mwake yule msichana wa kwaya, na jambo lililomuumiza ni kwamba alimpata. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya mfasiri, aandike jina lake na kuthibitisha kwamba ametafsiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza.

"Hapa siwezi kutia jina langu," alisema.

"Si kutafsiri tu? Wewe si shahidi, wewe ni mfasiri."

"Ningekuwa sijui, ningetafsiri. Toa hilo, andika la kwako, nitakaa nalo mpaka liwe zuri kuliko langu. Naapa."

Brightness alikusanya karatasi zake moja moja. "Steshenari ziko nyingi Ngamiani," alisema, na akaondoka.

Kesho yake Elizabeti alipanda baiskeli hadi kituoni. Mama Imakulata alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeshaambiwa. Brightness alipita."

"Mama, wewe unajua nani alitengeneza kile kiti."

"Najua ninyi ni wanangu wote." Aliutikisa ungo, makapi yakaruka. "Yeye alileta barua, nikapiga muhuri. Wewe ulileta, nikapiga. Sikuzisoma kwa darubini."

"Naomba uniandikie nyingine. Mistari miwili tu, ya kweli."

"Nikiandika ya pili, watauliza ya kwanza ilikuwaje. Watasema kituo hiki kinagawa mihuri kama karanga. Kesho nikiomba godoro, nani atanisikiliza?" Aliweka ungo chini, akamshika mkono. "Mwachie Mungu, Eliza. Ya kwako uliyaandika mwenyewe."

Hilo ndilo lililomsindikiza njia nzima ya kurudi. Ya kwako uliyaandika mwenyewe.

Aliliandikia shirika baruapepe fupi. Alieleza desturi ya barua za udhamini, akataja jina na namba ya Amirali kama mtu anayeweza kuulizwa habari za maboksi, na hakumtaja Brightness kwa ubaya. Aliisoma mara mbili kabla ya kuituma. Jibu lilichukua wiki tatu, na lilikuwa la adabu. Walimshukuru kwa uwazi wake. Walisema wao hutegemea maelezo ya mdhamini, na kwa kuwa ya kwake hayakulingana na majibu ya fomu, maombi yake hayataendelea. Walimtakia kila la heri.

Amirali alimwomba amsomee kwa Kiswahili. Elizabeti alimsomea, bila kuongeza wala kupunguza.

"Na mimi hawakuniuliza?" mzee alisema. "Namba yangu hawakuwa nayo?"

"Walikuwa nayo."

Alhamisi iliyofuata Brightness alikuja tena. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama kwenye kizingiti, akamwamkia Amirali, naye akaitikia kwa sauti ndogo na kurudi kwenye mashine yake. Elizabeti alikuwa sakafuni nyuma ya kaunta, akichana maboksi ya karatasi za kunakilia na kuyapanga kwa ukubwa.

"Wameniita kwenye usaili," Brightness alisema. "Wa video. Jumamosi saa nne."

"Hongera."

"Eliza, usiniseme hivyo." Aliingia, akachuchumaa kando ya kaunta, akashusha sauti. "Wamesema watauliza habari za kiti. Wanataka nieleze mwanzo nilikosea wapi, na nikarekebisha vipi. Sasa mimi... kile cha kwanza kilikuwaje? Mbona sikukiona?"

Kile cha kwanza kiliota ukungu. Ilikuwa mwezi wa masika, gundi haikuchemshwa vya kutosha wala haikutiwa chumvi, na Elizabeti alikitupa peke yake nyuma ya jiko la kituo, akalia kidogo, akaanza upya. Maneno hayo alikuwa nayo tayari mdomoni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yasingefika hata mia moja.

"Daniel amekua," alisema. "Magoti yanagonga sehemu ya mbele ya kiti. Jumamosi naanza kumtengenezea kingine. Njoo, nitakuonyesha tangu gundi."

"Jumamosi ndiyo usaili."

"Ndiyo. Umesema."

Brightness alingoja. Elizabeti alichukua boksi jingine, akatafuta mshono kwa kidole gumba, akalichana mpaka chini. Alipoinua macho pale kando ya kaunta palikuwa patupu, na Amirali alikuwa amesimama na maboksi mawili zaidi mikononi, akiuliza ayaweke wapi.